Jirani alinilelea watoto, nikamtumia asante ya watu wote

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 31, naishi Morogoro. Mapema mwaka huu nilijifungua mtoto njiti, gramu 1,550, nikakaa naye wodini karibu mwezi mzima. Mume wangu ni dereva wa lori na wakati huo alikuwa njiani kwenda Lubumbashi. Nyumbani niliacha wawili, mmoja wa darasa la pili na mwingine hajaanza shule. Mama mmoja jirani, wa umri wa mama yangu mzazi, ndiye aliyewachukua. Alilala nao kwake, akawa anampeleka mkubwa shule, na kila jioni alimpa bodaboda chupa ya uji aniletee. Sikumwomba. Alikuja hospitali siku ya pili akaniambia, "Wewe kaa na mwanao, hao wengine niachie."

Tuliporuhusiwa nilitunga ujumbe nikawatumia wote WhatsApp: "Mimi na familia yangu tunatoa shukrani za dhati kwa wote mliotusaidia kwa hali na mali katika kipindi kigumu. Si rahisi kumshukuru kila mmoja kwa jina. Mungu awabariki na awazidishie pale mlipopungukiwa. Amina."

Mama jirani alijibu "Amina", basi. Juzi nimesikia alimwambia mwenzangu wa kikoba kwamba alishukuriwa kama mtu aliyechangia harusi. Imeniuma kwa sababu ni kweli. Mume wangu anasema nimnunulie doti ya kanga yaishe. Nimejaribu kuandika upya lakini kila nikianza naishia "sina cha kukulipa, Mungu atakulipa". Tena imeshapita miezi mitatu, naona aibu, na naogopa ataona najipendekeza baada ya kusikia maneno. Kuna pia kaka yangu aliyekuwa akinitumia hela, na nesi wa usiku aliyenifundisha kumlisha mtoto kwa kikombe. Wote walipata ujumbe uleule. Nisaidie, naandikaje?

Mama Njiti, Morogoro

* * *

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto.

Ujumbe wako haukuwa na ubaya kwa wale waliotoa elfu tano kwenye kundi. Ni maneno ya tangazo la shukrani, yale yanayotoka gazetini baada ya msiba, na kazi yake ni kufunga hesabu ya watu wengi kwa mara moja. Lakini hebu usome ukiwa umekaa kwenye kiti cha mama jirani. "Kwa hali na mali": yeye alitoa kipi? "Si rahisi kumshukuru kila mmoja kwa jina": mtu aliyelala kitanda kimoja na wanao anaambiwa kwamba jina lake limeshindikana kutajwa. Hakuna neno hata moja mle ambalo lisingeweza kwenda kwa mtu aliyetuma emoji ya mikono tu. Ndiyo maana akajibu "Amina". Angejibu nini kingine? Ile ilikuwa dua, na dua huitikiwa amina.

Sasa, unapojaribu kuandika upya unakwama kwenye "sina cha kukulipa" kwa sababu unatafuta maneno mazito zaidi ya yale ya kwanza. Acha kutafuta uzito. Jirani yako anajua vizuri alichofanya. Aliamka alfajiri akakifanya. Asichokijua ni kilichokuwa kinatokea wodini saa zilezile yeye alipokuwa na watoto wako. Aliona upande wa nyumbani peke yake. Ule upande wa pili unao wewe, na hajawahi kuusikia. Barua yako iwe ya kumpa huo upande.

Chukua karatasi, ikunje katikati. Kushoto andika alichofanya kwa mikono yake, saa kwa saa, siku moja tu, siku unayoikumbuka vizuri. Usiandike "alinitunzia watoto". Andika kwamba saa kumi na mbili asubuhi alikuwa anamvalisha mkubwa sare, na saa kumi na mbili jioni alikuwa anafunga kifuniko cha chupa ya uji. Kama hujui hayo, waulize watoto. Mtoto wa darasa la pili anakumbuka nani alimpaka mafuta na nani alimkagua daftari, na atakuambia mambo ambayo huyo mama mwenyewe hatayasema. Kulia andika wewe ulikuwa unafanya nini saa hiyohiyo.

Hapo ndipo utaona kitu. Mtoto wa uzito ule hulelewa kwa kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kanga au kitambaa, ile mnayoiita kangaruu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka mtoto wa namna hiyo akae kifuani kati ya saa 8 na 24 kwa siku, kadiri inavyowezekana. Ongeza kukamua maziwa na kulisha kwa kikombe kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Sasa nieleze mama ambaye ana mtoto wa darasa la pili wa kumwahi getini, na mwingine analia nyumbani, hizo saa angezitoa wapi. Angetoka wodini asubuhi, angerudi jioni, na kifua cha kumbebea mtoto kingekuwa kwenye daladala. Mama jirani alikupa saa. Hicho ndicho cha kutaja.

Niseme mapema ambacho hutakiandika: "uliokoa maisha ya mwanangu". Najua kitakujia, kwa sababu kinasikika kikubwa. Kwanza hukijui kama ni kweli. Pale palikuwa na madaktari, manesi na wewe mwenyewe. Pili, mtu mzima akiambiwa hivyo hana pa kujiweka. Atakataa, "aa, mimi nani, ni Mungu", na mazungumzo yataishia hapo. Ukimwambia kwamba kwa sababu yake ulikaa na mtoto kifuani toka asubuhi hadi usiku, hilo hawezi kulikataa, kwa sababu limetokea. Taja athari uliyoiona kwa macho yako, na usiivushe mpaka wake hata kwa hatua moja.

Nimejaribu kukuandikia mfano. Mambo mengine nimeyabuni ili barua ikae sawa, basi toa yangu, weka yaliyotokea kweli. Ukiacha hata moja ambalo halikutokea, atalijua mstari uleule.

"Shikamoo mama,

Nilipaswa kukuandikia peke yako miezi mitatu iliyopita. Ujumbe niliokutumia ulikuwa wa watu wote, na wewe hukuwa mmoja wa watu wote.

Siku uliyokuja hospitali ukaniambia niwaache wale wawili kwako, nilikuwa nimeshapanga kutoka kesho yake asubuhi. Nesi alikuwa ameniambia mtoto anatakiwa akae kifuani kwangu muda wote, na mimi nilikuwa nahesabu nani atampokea mkubwa shuleni. Uzito ulikuwa umeshuka kutoka gramu 1,550 hadi 1,470. Ulipoondoka sikuhesabu tena. Nilimfunga mtoto kifuani na sikumtoa isipokuwa kwenda kuoga.

Mkubwa ameniambia ulikuwa unamkagua kucha kila Jumatatu kabla ya paredi, na kwamba mdogo wake alikuwa anakataa kulala mpaka umshike sikio. Hilo la sikio nilidhani nalijua mimi peke yangu. Nilipofika nyumbani sikuwakuta watoto waliokaa kwa watu. Niliwakuta wametoka kwa bibi yao.

Ule uji ulikuwa unafika baada ya saa moja jioni, ungali wa moto. Nilikuwa nakamua maziwa hadi usiku wa manane, na siku nyingi ndicho chakula pekee kilichonishukia, maana chakula kingine kilinishinda. Mama wa kitanda cha pili alikuwa anaijua bodaboda yako kwa mlio, tukawa tunagawana kikombe.

Tuliruhusiwa akiwa na gramu 1,980. Juzi kliniki amefika kilo 4 na ushee. Nitakuletea kadi uione mstari unavyopanda, kwa sababu zile wiki za mwanzo kwenye ule mstari, wewe ulikuwa unawalea wenzake.

Mungu akuzidishie afya, mama.

Mwanao."

Angalia kwamba dua ipo. Sikukuambia uiondoe, kwetu barua ya shukrani isiyo na dua ni kama imekatika. Ila imekuja mwisho, baada ya mambo kutajwa, na ni sentensi moja. Ikitangulia inachukua nafasi ya kila kitu, maana ukishamwachia Mungu kushukuru, wewe unabaki huna la kusema.

Zile gramu zina kazi. "Mtoto alikuwa hali mbaya" ni maneno ambayo kila mtu ameshayasikia, lakini 1,470 inamwonyesha jirani yako siku ile alikukuta pabaya kiasi gani. Tarakimu tatu au nne zinatosha. Ukijaza barua nzima itakuwa ripoti ya wodi. Sikio nalo usilidharau. Kama ningeambiwa nichague sentensi moja tu ibaki katika barua nzima, ningeiacha ile ya sikio, kwa sababu inamwambia kwamba kuna mtu alichukua tabu ya kuuliza yeye alifanya nini. Watu wengi wakishukuru hueleza wao walivyojisikia, mstari baada ya mstari, "nilifarijika", "niliguswa", na aliyesaidia haonekani popote. Hesabu sentensi zenye "ulikuwa" na zile zenye "nilikuwa". Za kwanza zisipungue sana.

Kuhusu kuchelewa, sentensi moja ya mwanzo imetosha. Usieleze ulikuwa umechoka, simu ilikuwa na nini, mtandao ulikuwaje. Wala usitaje kabisa yale maneno ya kikoba. Ukiyataja, barua yote inageuka kuwa jibu la umbeya, na mwenzako aliyekufikishia ataingia matatani. Miezi mitatu imekupa hata kitu ambacho usingekuwa nacho siku ya kuruhusiwa: kilo 4 na ushee. Ungeandika siku ile ungeandika matumaini; leo unaandika matokeo.

Na hiyo hofu ya kuonekana unajipendekeza, si yako peke yako. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Marekani, Amit Kumar na Nicholas Epley, walichapisha utafiti ambamo watu waliandika barua za shukrani kwa waliowahi kuwafaa, kisha wakakisia wapokeaji watazionaje. Wapokeaji nao wakaulizwa. Waandishi walikisia aibu kubwa kuliko iliyokuwapo, na furaha ndogo kuliko iliyokuwapo. Walikuwa wanahangaika kama maneno yamepangika, ilhali mpokeaji alikuwa anatazama kama yametoka moyoni. Basi usiandike mara kumi. Andika mara mbili: moja uweke mambo yote, ya pili uondoe ya bandia.

Iwe kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari, na umpelekee mwenyewe. WhatsApp ndiko ilikotokea ile ya kwanza. Akiona jina lako linawaka kule atadhani ni tangazo jingine. Kama macho yake hayasomi vizuri, jua kwamba barua hiyo atasomewa na mtoto au mjukuu, kwa sauti, sebuleni, pengine mbele ya wageni. Kwa hiyo usiweke jambo la wodini ambalo usingependa mjukuu wake alisome. Ujumbe wa sauti ungefaa kwa mtu aliye mbali, lakini huyu yuko hatua chache kutoka mlangoni kwako, na sauti ya simu kutoka nyumba ya pili itamshangaza.

Akikupokea atakuambia "si kitu, ni ujirani tu". Usibishane naye. Kaa, mpe mtoto ambebe.

Kanga za mume wako nunua. Hakukosea, ila doti peke yake ingefanya jambo lilelile lililofanywa na ule ujumbe: ingefunga hesabu. Ikienda pamoja na barua, iwe chini na barua juu. Na soma jina la kanga kabla hujalipa, tafadhali. Zipo nzuri za shukrani na za upendo wa mama, na zipo zilizotungwa mahsusi kumchoma jirani. Nishaona mtu akibeba ya pili kwa sababu rangi zilimpendeza.

Usichanganye pia barua hii na ombi. Kama una safari mwezi ujao na unafikiria akae na watoto tena, subiri, umwombe siku nyingine kwa mdomo wako. Ombi likiingia hata mstari wa mwisho, yote yaliyotangulia yatasomeka kama utangulizi wake.

Kaka yako ni habari nyingine, na fupi. Mpigie simu, kaka hahitaji karatasi. Usitaje jumla, wala usiitaje kwenye kundi la familia, maana hujui mke wake anajua kiasi gani, na wengine waliotoa kidogo watajiona wamepimwa. Chagua hela ya siku moja unayoikumbuka na umwambie ilienda wapi: "Ile ya Jumatano ya pili ndiyo niliyolipia vipimo jioni ileile, sikungoja asubuhi." Aliyetoa hela kwa simu anabaki na ujumbe wa muamala tu, tarakimu na salio. Hajui zikawa nini. Ukimwambia zikawa nini, umemaliza.

Nesi ndiye ningependa umshughulikie kwa uangalifu zaidi, kwa sababu asante yako inaweza kumfaa kazini au kumletea shida. Usimpelekee bahasha. Unaweza kuwa na nia safi kabisa, lakini hela mkononi mwa mtumishi wa umma ndani ya wodi inaitwa jina jingine, na atakayeulizwa ni yeye. Andika barua kwa muuguzi kiongozi wa wodi, ukimtaja nesi ndani yake. Hapa lugha iwe kavu kidogo kuliko ya mama jirani, na jambo liwe moja: kwamba zamu ya usiku, tarehe fulani, mtoto alikuwa anapaliwa kila akilishwa, kwamba nesi huyo alikaa nawe, akakuonyesha kumkalisha mtoto wima kidogo, kugusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini na kumngoja alambe mwenyewe badala ya kummiminia, kwamba kuanzia siku fulani ulikuwa unamlisha peke yako bila kupaliwa. Hiyo ni kama ndivyo ilivyokuwa. Wewe ndiwe uliyekuwapo.

"Alinihudumia vizuri kwa upendo" haimsaidii kitu, kwa sababu kila barua kwenye faili inasema hivyo. Aya uliyoandika wewe mkubwa wake anaweza kuisoma kwenye kikao cha asubuhi, na mwenzake wa zamu ya mchana akajifunza kitu. Fanya nakala mbili. Moja iache ofisi ya wodi, nyingine mpe nesi mwenyewe, kwa sababu barua zinazoingia ofisini si zote zinazotoka.

Kama jina lake hulikumbuka usiache kuandika. Weka namba ya kitanda, tarehe, na kwamba ilikuwa zamu ya usiku. Ratiba ya zamu ipo, wataiangalia, na watamjua.

Shangazi